Sifa za Mkato wa Honoraria

Mji wa Tanga unajulikana kwa wageni wa waja leo waondoka leo, na kwa hakika hakuna anayestahili sifa hiyo kuliko mtahini wa nje. Anashuka kwenye basi la Dar es Salaam jioni, analala Raskazone, asubuhi anasoma mitihani ya watu, na alasiri anasimama dirishani kwa mhasibu akingoja honoraria yake ya shilingi 300,000. Hapo ndipo anapopewa elimu ambayo yeye mwenyewe, pamoja na shahada zake zote, hakuwa nayo.

Mhasibu hana haraka. Ana njia mbili za halali mbele yake, na kila moja ni nzuri kwa namna yake. Akimhesabu mgeni kuwa mtoa huduma anayejitegemea, atakata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani shilingi 15,000, na mgeni ataondoka na 285,000. Akimhesabu kuwa mwajiriwa, tena mwenye ajira yake kuu kwingine, basi hii itakuwa ajira ya pili, na ajira ya pili hukatwa asilimia 30 bila kupita kwenye ngazi. Hiyo ni 90,000, na mgeni anabaki na 210,000. Kazi ni ileile, vitabu vya mitihani ni vilevile, wino mwekundu ni uleule. Kilichobadilika ni fomu aliyoivuta mhasibu kutoka mtoto wa meza, na tumshukuru Mungu kwamba meza ina watoto wengi.

Wanaolalamika husema eti kuwe na kanuni. Kanuni ipo, na inaeleweka vizuri mno. Mtu aliyekuja mara moja, akafanya kazi kwa akili yake na kuwasilisha ripoti, anafanana na mtoa huduma. Mwalimu wa kualikwa aliyepangiwa kipindi kila Jumanne muhula mzima, anayesaini daftari la mahudhurio na kulipwa kila mwisho wa mwezi, anafanana na mwajiriwa hata kama barua yake imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba yeye ni mgeni. Mhasibu mwenye busara hawatofautishi. Huwakata wote asilimia 30, kwa sababu kama kodi imekatwa pungufu, Mamlaka ya Mapato itamdai mkataji, lakini ikikatwa kupita kiasi, atakayehangaika ni mgeni, naye keshapanda basi.

Haki nayo inamtaka mtu akumbuke kwamba asilimia 5 si zawadi. Haimalizi kodi. Mtahini ambaye mshahara wake wa mwezi unazidi shilingi 1,000,000 yumo tayari kwenye ngazi ya asilimia 30, kwa hiyo anatakiwa aiweke 300,000 hiyo kwenye ritani ya mwaka, adaiwe 90,000, atoe zile 15,000 zilizokwishakatwa, na kulipa 75,000 zilizobaki. Faida yake ya kweli ni ndogo: kama nauli na chumba vilitoka mfukoni mwake, tuseme 60,000, anaruhusiwa kuzitoa kama gharama za kazi, na kodi itahesabiwa kwenye 240,000. Kodi yote inakuwa 72,000. Mwajiriwa hapewi nafasi hiyo. Lakini kwa haya yote lazima awe na cheti cha kodi ya zuio, na cheti ndicho kitu ambacho dirishani huambiwa kitatumwa.

Sasa mchukue kijana wa Chumbageni mwenye shahada ya uzamili na asiye na kazi, aliyeitwa kusahihisha mara moja mwaka mzima. Kwa zuio anapoteza 15,000. Kama angewekwa kwenye ngazi za mshahara kama mtu asiye na ajira nyingine, shilingi 270,000 za mwanzo zisingekatwa kitu, na 30,000 zilizozidi zingekatwa asilimia 8, yaani 2,400 tu. Kwa hiyo mshahara unaoogopwa na wote ndio uliomfaa yeye. Tena kwa kuwa mapato yake ya mwaka hayafiki 3,240,000, kodi yake halisi ni sifuri, na 15,000 zake anaweza kuzidai, mradi awe na namba ya mlipakodi, ajaze ritani, na awe na subira ya mvuvi wa Pangani msimu wa kusi.

Na isije ikadhaniwa kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato haijui upole. Kifungu cha 7 kimeweka kando honoraria anayolipwa mtumishi wa Serikali, au wa taasisi ambayo bajeti yake hutoka zaidi kwenye ruzuku ya Serikali. Mhadhiri wa chuo cha umma akilipwa honoraria na chuo chake, mkato ni sifuri. Mwenzake wa chuo binafsi, mwenye kalamu na uchovu uleule, hana kifungu. Niliwahi kumwuliza mhasibu mmoja inakuwaje. Akaniangalia kwa huruma, akasema, “Mwalimu, wewe saini kwanza, maswali baadaye.” Nikasaini, na kwa kweli mwandiko wangu siku hiyo ulikuwa mzuri.