Kijitabu cha Gari Hakijawahi Kupanda Kutoka Nyabugogo

Hapa Kigali tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo magari ya mitumba kutoka Ulaya hutufaa, nayo huja na hesabu za huko. Gari langu lilikuja na kijitabu kinachodai kwamba linatumia lita 6.5 za petroli kwa kilomita 100. Mimi niliuziwa kile kijitabu. Gari niliongezewa tu.

Ndiyo maana ninaweka daftari na kalamu kwenye dashibodi, na ndiyo maana pompisti wa stesheni ya karibu akiniona hugeukia pampu nyingine. Amezoea wateja wa "weka ya elfu kumi." Mimi nataka tangi lijae, pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, basi. Yeye anataka kuongeza kidogo kidogo ili pesa ziwe kamili. Hizo "kidogo" zinaweza kufika lita nzima, na lita moja ikizidi leo, hesabu yote inapinda. Tena nataka pampu ileile, gari likisimama palepale, maana viwanja vya stesheni zetu navyo vina mteremko, na tangi lililoinama huweza kujaa mapema. "Mzee, unapima petroli au unapima kiwanja?" Vyote viwili, kijana wangu.

Shemeji yangu naye ana daftari, na gari lake ni kama langu. Alikuja kwangu Nyamirambo kunitambia kwamba lake linakwenda kilomita 17 na ushee kwa lita, kumshinda hata aliyelitengeneza. Nikaomba nione. Alikuwa amejaza tangi, akatembea, akatia lita 15 njiani pesa zilipokuwa chache, akatembea tena, kisha akajaza hadi pampu ikajikata kwa lita 23.6. Tangu mjazo wa kwanza alikuwa amekwenda kilomita 412. Bwana huyu akagawa 412 kwa 23.6! Zile lita 15 zilichomwa na nani, na malaika? Zijumlishe, ni lita 38.6. Zidisha kwa 100, gawa kwa 412, unapata karibu lita 9.4 kwa kilomita 100. Yaani asilimia 44 zaidi ya kijitabu. Alikunywa chai yake kimya.

Kinachoniudhi ni kwamba mtengenezaji hakusema uongo. Magari ya rika la langu yalipimwa kwa kipimo cha zamani cha Ulaya, NEDC. Gari liliwekwa juu ya magurudumu ya mashine ndani ya maabara, likaenda dakika 20 hivi, kilomita 11, kiyoyozi kimezimwa. Kilima hakuna. Hata foleni yake ni ya kuigiza.

Sasa mlete mtengenezaji huyo Nyabugogo tupande naye hadi mjini, tuseme mita 150 kwenda juu ndani ya kilomita 3. Kuinua gari la kilo 1,200 kwa urefu huo kunakula takriban moja ya tano ya lita, na hapo bado hujalipia kusonga mbele. Kijitabu kilikuwa kimepanga kiasi hichohicho kwa kilomita 3 zote. Ukishuka unarudishiwa kidogo: gari la sindano za kompyuta hukata petroli ukiondoa mguu huku gia ikiwa ndani. Lakini mteremko wetu una watembea kwa miguu, pikipiki, na kamera ya Sofia chini kabisa, kwa hiyo unakanyaga breki, na ulichonunua kwa petroli kinageuka moto kwenye pedi. Wanaoshuka kwa gia huru wakidhani wanabana wanailisha injini bure, na breki ndizo zinazobeba mzigo wote.

Wazungu wenyewe wamelijua pengo hili kati ya kijitabu na barabara kwa madaftari kama yangu. Taasisi ya ICCT ilikusanya rekodi za madereva, zikiwemo shajara za mafuta za Wajerumani, ikazilinganisha na takwimu rasmi. Pengo lilikuwa kama asilimia 9 mwaka 2001, na kufikia 2015 lilikuwa limepita 40. Tangu 2017 Ulaya ikaanza kutumia kipimo kikali zaidi, WLTP. Kwangu kimechelewa, gari lilishashuka bandarini.

Kwa hiyo sibishani tena na kijitabu, nabishana na daftari. Tuseme limezoea 9.4 kama la shemeji, kisha likaandika 11 mijazo mitatu mfululizo, kwa njia zilezile, naangalia upepo wa matairi, na kama breki moja inashika, kabla ya kumshuku pompisti. Mjazo mmoja peke yake siuamini.

Nawe mwenye gari kama langu, ukija kunitambia, njoo na jumla ya lita zote ulizotia na jumla ya kilomita. Lita za mwisho peke yake mpelekee shemeji.