Barua Iliyoomba Kila Kitu Isipokuwa Kiwanja

Akitokea mtu akauliza kwa nini kanisa letu bado linasali kwenye darasa la shule ya msingi, mchungaji akihubiri mbele ya jedwali la kuzidisha, asimsingizie shetani. Shetani hana subira ya kukaa masijala. Kilichotukwamisha ni barua, tena ya ukurasa mmoja na nusu tu.

Barua hiyo niliirithi nilipoteuliwa kuwa katibu wa kamati ya ujenzi, cheo ambacho makanisani kwetu hupewa yeyote mwenye kompyuta ambaye siku ya uchaguzi alichelewa kufika. Ilikuwa imeandikwa na kamati nzima, na hilo peke yake lilitosha kuiua. Mzee wa kanisa alikuwa ameshinda hoja kwamba ianze na Nehemia, kwa sababu naye alimwomba mfalme ruhusa ya kujenga. Sina ugomvi na Nehemia. Ila Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme, na sisi hata mlinzi wa geti la halmashauri hatujuani naye. Halafu, anayesoma vizuri ataona kuwa Nehemia alitaja anachotaka: barua za kuwaonyesha maliwali njiani, na miti kwa ajili ya malango, ukuta na nyumba yake. Sisi tuliomba "eneo la kutosha, mahali panapofaa, kwa utukufu wa Mungu."

Ilikuwa imeelekezwa kwa Mkuu wa Wilaya, Meya, Diwani na Mkurugenzi, wote kwa mpigo, kama kadi ya mchango wa harusi. Barua inayokwenda kwa wanne haina mwenyewe. Anayeandikiwa ni Mkurugenzi, na inapita kwa mtendaji wa mtaa na mtendaji wa kata, kila mmoja akigonga mhuri wake kwamba hawa watu anawafahamu na si wapiga debe waliovaa tai. Diwani tunampenda, lakini yeye tutakutana naye kwenye vikao vya madiwani mambo yakifika huko.

Jibu lilipokuja lilikuwa na mistari michache, na lilitutaka tufike ofisini. Tukaenda mimi na mzee wa kanisa, yeye akiwa na Biblia, mimi nikiwa na faili. Afisa mipango miji alikuwa binti mdogo, akatuamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akaanza kutuchambua kama mchele.

"Baba, hapa mmeandika 'Yah: Maombi ya kiwanja na kibali cha ujenzi.' Sasa mnaomba kipi?"

"Vyote, mwanangu," akasema mzee. "Tumeona tusiwasumbue mara mbili."

Wema huo ndio uliotuponza. Kiwanja kinaombwa kwenye meza ya ardhi, na maombi yake yanakwenda kwenye kamati ya kugawa ardhi, ambayo Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 imeiweka kwa kazi hiyo. Kibali cha ujenzi kinatoka kwa wapanga miji na wahandisi, chini ya Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya 2007, na cha kwanza wanachouliza ni namba ya kiwanja, kitalu na hati au barua ya toleo. Mtu asiye na kiwanja hawezi kupewa kibali, kwa sababu kibali ni cha jengo fulani juu ya ardhi fulani. Tulikuwa tumeomba leseni ya kuendesha gari ambalo bado tunaomba tununuliwe. Barua ilizunguka baina ya meza mbili, kila meza ikisema si yangu, mpaka mtu mmoja mwenye huruma akaamua kutuita.

Kisha binti akauliza: "Na hii ardhi itaandikwa kwa jina la nani?"

Mzee akasema kwa jina la kanisa. Binti akatikisa kichwa. Mimi nikasema basi kwa jina la mchungaji. Akatikisa zaidi.

Hapa ndipo makanisa mengi madogo yanapoumia, na sidhani kama misikiti midogo inapona. Kusanyiko la watu wanaosali pamoja, hata waimbe vizuri namna gani, si mtu mbele ya sheria ya ardhi. Halimiliki, haliuzi, halishtaki. Cheti cha Msajili wa Vyama kule Wizara ya Mambo ya Ndani kinasema tu kwamba dini yenu inatambulika. Anayemiliki ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA chini ya Sura ya 318, na kwa kanisa lenye matawi, bodi hiyo iko makao makuu. Kwa hiyo tawi kama letu haliombi kiwanja kwa jina lake. Linaomba kwa niaba ya wadhamini, na barua ya wadhamini inaambatanishwa kuthibitisha kuwa wanajua.

Ukiona hayo ni mapambo ya ofisini, tafuta kanisa ambalo kiwanja chake kiliandikwa kwa jina la mchungaji. Siku mchungaji akihama, anahama na mimbari. Siku akifa, msiba haujaisha na watoto wake wanataka kujua ibada itahamia wapi, maana kwenye hati anaonekana marehemu baba yao peke yake. Waumini wanabaki kuonyesha risiti za saruji, na risiti ya saruji haijawahi kumiliki ardhi.

Binti akageuza ukurasa. Barua ilikuwa imependekeza "eneo lililo wazi karibu na uwanja wa mpira, ambalo halina matumizi." Akainuka, akatoa ramani ya mipango miji ya mtaa wetu, akaikunjua mezani, akaweka kidole.

"Lina matumizi, baba. Matumizi yake ni kuwa wazi."

Mzee alimwangalia kama mtu aliyeambiwa kitendawili. Lakini ndivyo ilivyo: eneo la wazi limepangwa hivyo kama soko lilivyopangwa kuwa soko, na halmashauri haitakiwi kuligawa kwa kanisa wala kwa baa. Wengi hujenga humo, kisha siku moja wanaamka wakakuta alama ya X nyekundu ukutani, kubwa kuliko msalaba wao. Dawa ya hilo ni kuuliza ramani kabla ya kuandika barua. Kwenye ramani hiyohiyo, vitalu viwili nyuma ya zahanati, kulikuwa na kiwanja kilichoandikwa kabisa kuwa ni cha ibada, na hakuna aliyewahi kukiomba. Watu walikuwa wakilima mchicha.

Nilijaribu kutokufurahi mbele ya mzee.

Kwenye "eneo la kutosha" ndipo tulipokaa zaidi. "Kutosha nini?" akauliza binti, na ikabidi tupige hesabu hapohapo, nyuma ya bahasha. Tunaoketi ibadani ni kama 200. Ukimpa kila mtu mita moja ya mraba pamoja na njia za kupitia, hizo ni mita 200. Madhabahu na kwaya, ambayo inataka nafasi ya kucheza na si ya kusimama, mita 60. Magari tukasema 20, mzee akihofia hayafiki na mimi nikihofia ibada za harusi. Gari moja linahitaji kama mita 25 ukihesabu na pa kugeuzia, kwa hiyo maegesho peke yake yanadai mita 500, karibu mara mbili ya ukumbi. Ongeza vyoo, karo, ofisi, darasa la watoto, na nafasi ya kuachia mpaka wa jirani. Tukafika mita za mraba 1,500 hivi. Mzee akanong'ona kwamba tunajenga nyumba ya magari yenye kanisa pembeni.

Barua ya pili niliiandika mwenyewe na sikuipeleka kamatini mpaka ilipopigwa chapa. Ina aya nne. Imetaja wadhamini, idadi ya waumini, mahali tunaposali sasa, ukubwa tunaouhitaji na kiwanja chenyewe kwa namba ya kwenye ramani. Kibali hakimo, hata kwa kugusia. Imeambatana na barua ya wadhamini, usajili na muhtasari wa kikao cha tawi kilichoazimia kuomba. Muhtasari huo nao ulikuwa na kazi yake, maana wa awali ulirekodi kwa kina nani alileta maandazi lakini azimio halikuonekana popote.

Wakati tunasubiri, mama mmoja muumini akajitolea kiwanja chake, bure. Kamati ikapiga vigelegele na kutaka barua yangu irudishwe. Lakini kiwanja hicho ni cha makazi. Kukifanya cha ibada kunahitaji kubadili matumizi, na maombi ya namna hiyo hutangazwa ili majirani wapate kupinga. Jirani wa upande wa kulia ni yuleyule aliyetushtaki kwa mtendaji kuhusu spika za mkesha. Nilimshukuru mama kwa niaba ya kamati, na kamati haijanisamehe.

Barua ya toleo imetoka. Imekuja na orodha ya malipo, na mwenye kudhani kiwanja cha Mungu hakina upimaji wala ada ya hati atasahihishwa na mama mhazini, ambaye alisoma orodha hiyo kwa sauti ya kutangaza msiba. Tumechanga, tumelipa.

Sasa tuko kwenye kibali, ambacho ni safari nyingine. Fundi wetu alikuwa ameshachora kanisa kwenye karatasi ya ratiba ya ibada, mnara ukiwa umepinda kidogo kwa sababu ya mkunjo. Nimemweleza kwamba ukumbi wa watu 200 usio na nguzo katikati si chumba na sebule. Paa linavuka upana wote bila kushikwa, na linataka mhandisi aliyesajiliwa akokotoe kenchi na nguzo, na msanifu achore. Watu wa zimamoto wanataka kuona milango inafunguka kwenda nje, ili watu wakikimbia wasiizibe kwa miili yao. Afisa afya anataka kujua choo kiko wapi. Fundi akaniambia yeye amejenga makanisa mengi na hakuna hata moja lililomwangukia.

Nimemwomba asiguse chochote mpaka kibali kitoke. Akaniahidi, mchungaji akiwa shahidi. Jumamosi nimepita pale nikamkuta na vijana wake, majembe mikononi, akasema wanachimba mashimo ya miti ya kivuli. Sijui ni miti gani inayopandwa na nondo, tena kwa mistari iliyonyooka, kila mita nne.