Namna ya Kusoma Mwenendo wa Maziwa Kwenye Faili Lisilo na Maziwa

Faili limeingia asubuhi kutoka ushirika wa wafugaji, na ujumbe wake ni mfupi: tuchambulie mwenendo wa makusanyo ya maziwa, Aprili hadi Juni 2024, mwenyekiti anataka ripoti mchana. Ukilifungua unakuta hiki, na hakuna zaidi:

```
tarehe,mwanachama,kituo,lita,bei
```

Kwanza kabisa, angalia uzito wa faili kabla ya kulifungua. Mstari huo mmoja ni baiti 34, ukihesabu na alama mbili za mwisho wa mstari. Sasa piga hesabu ya kilichopaswa kuja. Wanachama 200 wakileta maziwa mara moja kila siku kwa siku 91, unategemea mistari 18,200. Kila mstari ukiwa na baiti kama 29, faili zima lingezidi kilobaiti 500. Tofauti hiyo inaonekana kwenye orodha ya mafaili, na huhitaji utaalamu wowote kuiona.

Hatua ya pili ni kuiogopa sifuri. Ukiandika `=SUM(D2:D20000)` kwenye Excel, jibu ni 0, bila onyo lolote. Hapa ndipo ripoti nyingi huharibika, kwa kuwa sifuri inafanana sana na jibu. Mwenyekiti akiiona atasoma kwamba wafugaji hawakuleta maziwa kwa miezi mitatu, na huenda akaanza kuwapigia simu wakuu wa vituo. Ukweli ni kwamba hatujui walileta kiasi gani. Jaribu `=AVERAGE(D2:D20000)` uone: inakurudishia `#DIV/0!`, kwa sababu hakuna cha kugawanya wala cha kugawanyia. Usilifiche kosa hilo kwa kuweka sifuri mahali pake ili jedwali lipendeze, maana ndilo pekee linalosema kweli katika ukurasa huo.

Kama lazima uripoti kitu kabla ya mchana, ripoti vichwa vya safu, maana navyo vinasema mengi. Hakuna safu ya asubuhi na jioni. Kwa hiyo hata mistari ikija, hutaweza kueleza kama maziwa ya jioni yamepungua. Hakuna safu ya maziwa yaliyokataliwa kituoni kwa kuchachuka. Mwenyekiti akiwa anataka kujua hasara, faili hili halitamjibu hata likijaa pomoni, na ni heri ajue leo.

Kisha tafuta mistari ilikopotelea. Hifadhidata ikiulizwa jambo lisilo na majibu haigombi. Kwake, mistari sifuri ni kazi iliyokamilika, nayo inatoa vichwa na kufunga faili. Mtu akigeuza tarehe, mwisho ukatangulia mwanzo, matokeo ni hayo hayo:

```
WHERE tarehe BETWEEN '2024-06-30' AND '2024-04-01'
```

Hakuna siku iliyo baada ya 30 Juni na papo hapo kabla ya 1 Aprili, kwa hiyo hakuna mstari unaopita. Jina la kituo lililoandikwa tofauti na lilivyo kwenye mfumo huleta tupu ileile. Vilevile akaunti isiyo na ruhusa ya kuona vituo: mifumo mingine haisemi kwamba umezuiwa, inakuonyesha tu kwamba hakuna kitu.

Jihadhari na faili la pili, litakaloletwa kwa haraka likiwa na mistari miwili. Hilo ni hatari kuliko tupu, kwa sababu linachora grafu. Nukta mbili huunganishwa na mstari mnyoofu daima, na tarehe na lita zikitofautiana, `RSQ` itakupa 1, alama ya mstari uliokaa sawasawa kabisa. Ukamilifu huo umetokana na uchache wa nukta. Siku ya lita 6 ikifuatiwa na siku ya lita 8 hukuonyesha mwenendo wowote. Huenda ng'ombe mmoja alizaa tu.

Jibu la kumwandikia katibu wa ushirika aliyelituma faili liwe la heshima na liulize mambo anayoweza kuyajibu palepale alipo:

«Shikamoo mama. Faili nimelipata, lakini lina vichwa tu, mistari ya makusanyo haimo. Naomba uniambie ulichagua tarehe ipi ya kuanzia na ipi ya kumalizia, na kama kwenye skrini yako unaona makusanyo ya miezi hiyo. Ukiyaona, nisomee jumla ya mistari iliyoandikwa hapo chini. Ripoti nitaianza faili likifika.»

Hiyo jumla ya mistari iandike kando. Faili jipya likifika, linganisha hesabu hizo mbili, kisha tazama tarehe ya kwanza na ya mwisho. Likianza 1 Aprili na kuishia 12 Mei, bado hujapata robo mwaka, na grafu ya Juni isubiri.