Maji Kiasi, Mafuta Kiasi

Jirani, hebu nisaidie. "Kiasi" ni lita ngapi? Maana nimeachiwa beseni, kilo moja ya unga wa ngano, na maelekezo haya: maji kiasi, mafuta kiasi, chumvi kiasi. Mama watoto huyo, kaenda zake kikoba. Mimi chapati naijua ikiwa ndani ya gazeti, nimeshailipia.

Nikamimina chupa moja ya maji, zile ndogo za nusu lita. Kilo moja, nusu lita, si inakaa vizuri mdomoni? Weee! Donge likawa gumu, nakanda mpaka bega linalia. Ukilisukuma linatanuka, ukiinua mti tu linarudi palepale. Linanidharau. Chapati zilipotoka jikoni za moto zikalika kwa shida, zilipopoa zikakauka kabisa. Mwanangu wa darasa la tatu akaigonga moja mezani, ikalia ko! Akaita wenzake wa nyumba ya pili waje kusikia.

Shemeji akasema tatizo maji. Haya, chupa na nusu. Sasa donge linanata kwenye vidole, linanata kwenye kibao, linanata kwenye mti. Nanyunyiza unga lisinate. Nanyunyiza tena. Kumbe ule unga mkavu unabebwa na chapati, ukifika kwenye frampeni unaungua. Moshi jikoni, uchungu mdomoni. Shemeji mwenyewe kala moja, akaniuliza kama nilikuwa napika chapati za maji. Shemeji huyohuyo!

Kijiweni nako nina washauri. Mmoja, hajawahi kushika hata mwiko, akaniambia ulaini ni mafuta bwana, usibane mkono. Nikatia kikombe kizima ndani ya unga. Donge zuri, linang'aa, halinati popote. Nikajiona fundi. Kuja kusukuma, linachanika. Kulisokota, linakatika. Chapati ya moto laini kweli, ila ukiishika uchotee mchuzi inamegukia bakulini. Tukala na kijiko. Chapati, jirani, na kijiko!

Mama anayeuza chapati pale kona ndiye aliyenionea huruma, baada ya kucheka mpaka akakaa chini. "Wee baba, mafuta yakizidi yanauvisha unga koti, maji hayauingii sawasawa, donge halishikani. Yasipokuwepo kabisa, linavutika tu na chapati inakuwa ngumu kutafuna." Yeye kwa kilo moja anaweka vijiko vinne vya chakula, na chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai. Anavisugua kwanza kwenye unga mkavu kwa viganja. Mafuta ya kupaka kabla ya kusokota na ya kuchomea ni hesabu nyingine, hayo ndiyo yanatenganisha matabaka.

Maji je? Chupa moja ya nusu lita ya uvuguvugu, halafu robo ya chupa. Ile robo haimwagi yote kwa mpigo, anainyunyiza huku anakanda, maana unga na unga haufanani kiu. Anakoma donge likiwa laini kama ndewe ya sikio, linagusa mkono bila kuganda. Mimi ndewe siijui vizuri, ikabidi niwe najishika sikio, nashika donge, nashika sikio. Nikatumwa mkaa. Nimefika dukani, nimeuliza bei, nimesalimia wazee wa msikiti, nikarudi. Hakuna aliyeniambia kuwa sikio zima ni jeupe.

Halafu donge analifunika nusu saa. Nilidhani ni uvivu. Anasema likipumzika, unga unamaliza kunywa maji, ile tabia ya kurudirudi inakwisha. Na moto uwe mkali wa wastani. Ukiwa mdogo, chapati inakaa sana kwenye chuma, maji yote uliyopimia yanaondoka na mvuke. Ikitoka inaingia kwenye hotipoti yenye kitambaa, isikauke.

Nikafanya hivyohivyo. Zikakunjika mpaka mara nne bila kupasuka! Zikalala, asubuhi bado laini. Mwanangu akaigonga mezani, kimya, akasikitika waziwazi. Mama watoto akala, akasema "hizi za nani?", akakataa jibu.

Sasa leo anakuja mama mkwe. Mama watoto kaleta unga wa atta, eti una afya. Nimetia chupa na robo yangu, naringa. Jirani, umeyanywa yote! Pembeni ya beseni unga bado mkavu. Nimetuma mtoto mbio pale kona, karudi na jibu: ule una pumba, unakunywa zaidi, nisogee karibu na chupa na nusu, na uachwe ukae muda mrefu zaidi kabla ya kusukuma. Muda mrefu zaidi! Mama mkwe ameshavua viatu mlangoni, anauliza harufu ya chapati iko wapi.