Jinsi ya Kumkubalia Mtu Mwema Ambaye Moyo Haujamrukia

Kwanza, livunje bunge. Mtu mwema akikuomba mtoko, usiirushe picha yake kwenye kundi la WhatsApp. Wabunge watamkagua paji la uso, watajadili mkanda na viatu, na uamuzi utapitishwa kabla chai yako haijapoa.

Bunge hilo halina uwezo wa kupiga kura hii. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani, Paul Eastwick na Lucy Hunt, walichapisha utafiti uliowahusisha wanafunzi waliotathmini mvuto wa wenzao wa darasani. Mwanzoni mwa muhula walielekea kukubaliana nani anavutia. Miezi michache baadaye, walipokuwa wamezoeana, maoni yalitawanyika: aliyempendeza huyu hakumpendeza yule. Picha inawapa marafiki zako yale ya siku ya kwanza tu, na wewe unataka kujua ya mwezi wa tatu.

Tuseme unauza katika duka la dawa Mwanza, naye ni mwalimu wa hesabu anayekuja kumchukulia mama yake dawa za presha. Foleni ikiwa ndefu hakuharakishi. Siku moja alirudi kwa miguu kukurudishia chenji iliyozidi. Sasa amekuomba mkatembee Jumamosi. Umemtazama, na moyo umekaa kimya kabisa.

Ukimya huo uupime, kwa sababu kuna wa aina mbili. Fikiria mmebanwa kwenye kiti kimoja cha daladala, bega kwa bega, kutoka mjini hadi Buzuruga. Ukiona ungepiga soga tu, basi huna jibu bado, na mtoko unafaa. Ukiona ungebandika uso dirishani na kuomba kituo kifike, kataa leo. Kuonana mara kwa mara huongeza mvuto pale hisia zilipoanza bila upande. Palipo na karaha au hofu, huweza kuizidisha. Wema wake wote haukulazimishi kuishinda hofu yako.

Umekubali? Chagua mchana, na mahali penye kitu cha kutazama. Chakula cha jioni cha kukaa uso kwa uso, taa zimefifishwa, huwafaa waliokwisha kupendana. Ninyi mtabaki kukaguana kama maofisa uhamiaji. Tembeeni kando ya ziwa hadi mlione Jiwe la Bismarck, kisha mkale sato wa kukaanga. Saa moja na nusu inatosha. Nauli jilipie, na sato wako pia ukiweza, ili Jumapili usijiulize kama unampenda au unadaiwa naye.

Wakati wa kula, acha kumsikiliza kidogo na umtazame anavyoishi na wengine. Mhudumu akisahau pilipili, anamsemeshaje? Kisha mkatalie jambo dogo: akisema mzunguke hadi Capri Point, mwambie umechoka. Anayesema "sawa, twende kituoni" bila kununa ni mwema kweli. Anayekukumbusha alivyokupangia siku nzima alikuwa mwema kwa masharti, na wa hivyo hahitaji mtoko wa pili.

Akipita hapo, mpe mitoko mitatu au minne, ukibadilisha mazingira. Mwaka 1992 Richard Moreland na Scott Beach, wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, waliwapeleka wanawake wanaofanana kwa mwonekano kukaa darasani bila kuzungumza na yeyote. Mmoja alihudhuria mara 15, mwingine hakwenda kabisa. Wanafunzi walipoonyeshwa picha, aliyeonekana zaidi ndiye aliyewavutia zaidi, ingawa hakuna aliyekuwa amemsemesha. Ikiwa kuonekana tu kunafanya kazi hiyo, mpe nafasi mtu anayekuchekesha.

Dalili za kuchipua ni ndogo, na hazianzii usoni. Mteja akikufanyia kituko dukani, unakiweka akiba umsimulie mwalimu. Unaitambua sauti yake kabla hujainua kichwa. Mkono wake ukigusa wako kwenye sahani, huuondoi. Dalili ya kutochipua ni moja na inatosha: akiahirisha Jumamosi, unapumua.

Ukishapumua hivyo mara mbili, usimweke kando kama gurudumu la akiba kwa sababu tu anabeba mizigo na anapokea simu usiku. Mwandikie siku hiyohiyo: "Mwalimu, nimefurahi kukufahamu, lakini sioni tukielekea kwenye mapenzi. Nimeona nikwambie mapema." Usiongeze "kwa sasa" wala "labda baadaye", maana atasubiri. Na mama yake akiishiwa dawa, mhudumie kama zamani.