Parachichi la Nyuma ya Manukato

Kopo lilikuwa na picha ya parachichi lililokatwa katikati, tone la asali, na mwanamke mwenye nywele za kufika kiunoni. Kifaransa cha juu kiliahidi unyevu wa siku nzima. Zangu ni kipilipili hasa: ukizivuta zinafika begani, ukiziachia zinarudi juu ya masikio kama zimesahau kitu nyumbani. Nikalipa bila kupatana bei, nikapanda toleka kurudi kwetu, kopo nimelipakata kama mtoto mchanga.

Nilijipaka wiki mbili, asubuhi na jioni. Nywele ziling'aa. Lakini kila nikichana zililia kama kuni kavu, na vipande vifupi vikajaa sakafuni. Nikaongeza mafuta. Inzi mmoja alitua kichwani akapata taabu kuondoka.

Jumapili akaja mdogo wangu anayeuza dawa famasi. Parachichi hakulitazama hata kidogo, alipindua kopo.

"Yaya, soma huku."

Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa (mfano mbaya kwa habari za nywele, mnisamehe). La kwanza Paraffinum Liquidum, la pili Petrolatum.

"Hayo yanatokana na mafuta ghafi ya petroli," akasema. "Yamesafishwa, hayakudhuru, lakini kazi yake ni kufunika. Sasa tafuta Aqua, ndiyo maji."

Nikatafuta mpaka chini. Hamna.

"Basi wewe umekuwa ukifunika sufuria tupu."

Akanieleza kwamba viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi, ila vile visivyofika asilimia 1 huweza kupangwa vyovyote huko mkiani. Parachichi langu lilikuwa huko, nyuma ya manukato. Nywele za kujiviringa hivi hukauka upesi kwa sababu mafuta ya kichwa hayateremki vizuri kwenye mikunjo. Zinataka maji kwanza, halafu krimu yenye Aqua mwanzoni, na mafuta mwisho, ya kuzuia maji yasitoke.

Nikarudi sokoni nimekuwa mtaalamu. Muuzaji akanipa krimu, Aqua imekaa ya kwanza kabisa, ya pili Cetearyl Alcohol. Pombe! Na mimi ni mwimbaji wa kwaya. Nikamrudishia kwa hotuba fupi kuhusu ulevi, watu wakasikiliza.

Nilipomsimulia, mdogo wangu alicheka hadi akakaa chini. Kumbe hiyo ni alkoholi ya mafuta, ngumu kama nta, na ndiyo inayolainisha nywele. Ya kuogopa ni Alcohol Denat ikiwa juu kwenye orodha, kwa kuwa hiyo hukausha. Kwenye shampuu, akaongeza, Sodium Lauryl Sulfate ikifuata maji tu, itakwangua hata mafuta yako mwenyewe.

Krimu nilikwenda kuinunua jioni, kitambaa kimenifunika mpaka machoni. Baada ya mwezi chanuo linapita kimya.

Kopo nilimpa jirani mwenye toleka. Anasema mnyororo haupigi kelele tena.