Kadi ya Harusi Isiwe Hati ya Wito

Kadi ya harusi iliyopigwa picha kwa simu na kutumwa kwa ndugu humfikia mfasiri ikiwa na maneno yote na nakshi zote, lakini haimwonyeshi aliyeitoa, aliyeipokea wala heshima iliyopo baina yao, ilhali mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua rejesta, yaani mtindo wa lugha unaolingana na msemaji, msikilizaji na mahali wanapokutana. Huko Soga, mahali ambapo Kibaha na Kisarawe hukaribiana katika Mkoa wa Pwani, kazi ya kufasiri kadi imeongezeka uzito tangu Juni 2024, treni ya reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro na kituo cha Soga kikawa miongoni mwa vituo vya njiani. Kwani kijana anayeishi mjini sasa hana udhuru wa kutofanyia harusi kijijini, na kadi aliyochapisha kwa Kiingereza lazima isomwe na wazee ambao hawakuombwa ushauri juu ya lugha yake.

Mfasiri asiye mzoefu hutafuta heshima katika kiwakilishi, kama afanyavyo msemaji wa Kifaransa au wa Kituruki, ambaye humwambia mkubwa mmoja maneno ya watu wengi, na asipoipata huko hudhani kwamba Kiswahili hakinayo. Kiswahili Sanifu humwita waziri na mchunga mbuzi kwa kiambishi kilekile cha nafsi ya pili umoja, na hakuna anayekasirika, maadamu heshima imewekwa mahali pengine: katika cheo kinachotangulia jina, katika kitenzi kinachoomba badala ya kuamuru, na zaidi ya yote katika mwenye kualika. Ndiyo maana kadi za Kitanzania huacha nafasi yenye nukta baada ya mfululizo wa vyeo, Bw., Bi., Dkt., Mhe., ili mwandishi akate visivyohusika, na mzee ambaye vyeo vyake vyote vimekatwa kwa bahati mbaya huiona kadi hiyo kuwa ni taarifa ya kushushwa daraja.

Ichukuliwe mfano kadi ya kubuni ya maharusi vijana, ambayo kwa Kiingereza husema kwa furaha kwamba wao wenyewe wanaoana, kwamba msomaji aungane nao “4 p.m.”, kwamba mapokezi yatafuata, kwamba watoto hawahitajiki na kwamba majibu yatumwe mapema. Programu ya simu inayosoma picha, au shemeji mwenye haraka, huweza kutoa andiko hili: “Tunaoa! Jiunge nasi saa 4. Mapokezi yatafuata. Hakuna watoto.” Kila neno lina utetezi wake, lakini andiko zima halina. Bibi harusi haoi bali huolewa, na wawili kwa pamoja huoana. Saa 4 iliyoachwa bila kugeuzwa kuwa saa 10 jioni huwaleta wageni asubuhi, wapishi wakiwa bado wanachambua mchele. Na mapokezi kwa msomaji wa kawaida ni ile meza ya hospitalini anapoandikishwa mgonjwa. Lakini lililo zito kuliko yote ni lile la watoto, kwa sababu sentensi “hakuna watoto”, ikisomwa na bibi mbele ya jamaa siku chache kabla ya ndoa, si maelekezo kwa wageni tena. Ni laana iliyochapishwa kwa wino wa dhahabu.

Tiba haianzi kwenye msamiati bali kwenye swali la nani anaalika. Katika desturi ya Soga maharusi hawawaaliki wazee wao, kwa kuwa anayeoa huozeshwa na watu, na watu hao ndio wenye shughuli. Na kwa Wazaramo, ambao ukoo wao kwa asili hufuatwa upande wa mama, mjomba asiyetajwa anaweza kuamua kutofika. Kwa hiyo mfasiri mwangalifu huwaondoa maharusi kwenye nafasi ya msemaji na kuwaweka kwenye nafasi ya wanaosemwa: “Familia ya Bw. na Bi. … wa Soga, Kibaha, inayo furaha kukualika … kwenye harusi ya kijana wao mpendwa … Ndoa itafungwa saa 10:00 jioni na kufuatiwa na tafrija nyumbani kwa wazazi.” Familia hapo imo katika nafsi ya tatu na mgeni katika nafsi ya pili, mchanganyiko ambao mwalimu wa mantiki angeukataa lakini ambao kila Mtanzania anautambua kuwa ndiyo sauti ya kadi.

Umoja na wingi navyo vina bajeti yake, kwa maana Kiingereza hutumia neno moja kwa mtu mmoja na kwa ukoo mzima, hivyo mfasiri anayeandika “mnaalikwa” kwenye kadi iliyokusudiwa mtu mmoja amekodi basi bila kujua, na kamati ya harusi, iliyokwisha kuhesabu sahani kwa kufuata michango, ndiyo itakayolilipia.

Kuhusu watoto, wengi hukimbilia lugha ya matangazo na kuandika “Hairuhusiwi kuja na watoto. Wageni wote mnatakiwa kufika bila kukosa,” na hapo kadi hugeuka hati ya wito kutoka kwa mtendaji wa kijiji, ambaye hutumia “unatakiwa kufika bila kukosa” kwa mtu anayedaiwa mchango au aliyeachia ng'ombe shambani kwa jirani. Badala ya “mnatakiwa” liwekwe “mnaombwa”, na kuhusu watoto iandikwe kwa upole kwamba nafasi zilizopo ni za watu wazima. Bora zaidi ni kunyamaza kabisa, kwa sababu Soga watoto watakuja hata hivyo.

Matangazo ya hadharani, kwa upande wake, yana ngazi zinazoshangaza. “Usipite hapa” humsemesha mtu mmoja ana kwa ana. “Hairuhusiwi kupita hapa” humficha anayekataza, hivyo hakuna wa kubishana naye. “Ni marufuku” huongeza harufu ya faini. Na “wananchi wanatahadharishwa” huashiria kwamba barua ina mhuri. Mtu anaweza kudhani kwamba kadiri nafsi ya pili inavyotoweka ndivyo adabu inavyoongezeka, lakini kuta za mijini zimekanusha nadharia hiyo kwa sentensi maarufu isemayo “anayekojoa hapa ni mbwa”, ambayo imo katika nafsi ya tatu, haimwamuru mtu yeyote, na bado haijawahi kuhesabiwa kuwa ya staha.

Upole nao una mahali unapokuwa kosa. Treni za reli ya kisasa huendeshwa kwa umeme unaopita kwenye waya juu ya njia, na mfasiri aliyetoka kwenye kadi za harusi akikabidhiwa picha ya kibao cha tahadhari huenda akaandika “Ndugu wananchi, mnaombwa kwa heshima kutogusa waya,” sentensi ambayo mtu huimaliza akiwa tayari amegusa. Hapo nafsi ya pili umoja, isiyo na cheo wala tafadhali, ndiyo inayofaa, na iandikwe “Hatari! Usiguse,” hata kama anayesoma ni mjomba aliyesahauliwa kwenye kadi, ambaye bila shaka ataona kwamba amevunjiwa heshima kwa mara ya pili katika wiki moja.